Kadi ya gari na kadi ya duka: ipi ununue, ifomatiwe lini, video zikae siku ngapi

Ukienda kununua kadi ya kamera katikati ya Kampala, muuzaji atakuuliza unataka GB ngapi. Jibu halipatikani kwa kutazama bei. Linapatikana ukijiuliza kwanza: jambo baya likitokea, mimi nitalijua baada ya muda gani?

Kamera ya gari na kamera ya duka zote hurekodi kwa mzunguko. Kadi ikijaa, kamera inafuta video ya zamani kuliko zote na kuandika mpya mahali pake. Kwa hiyo kila kadi ina umri wa kumbukumbu: saa kadhaa, au siku kadhaa, kisha kilichopita kimefutika. Mwenye gari akigongwa na boda boda Wandegeya anajua papo hapo. Mwenye duka akiibiwa katoni moja ya sabuni Jumatatu, huenda asijue mpaka Jumapili anapohesabu mali. Kadi yenye ukubwa uleule inaweza kumtosha wa kwanza na kuwa bure kabisa kwa wa pili.

Tutalinganisha watu hao wawili: dereva anayebeba abiria wa programu za simu kwa saa 10 kwa siku, akiwa na kamera ya mbele na ya nyuma, na mwenye duka mwenye kamera moja ya waifai inayowaka usiku na mchana na yenye kadi ndani yake. Anayeendesha gari lake kwenda kazini na kurudi tutamgusia tu, maana shida yake ni ndogo.

Hesabu ya ukubwa

Tafuta kwenye mipangilio ya kamera, au kwenye kijitabu chake, namba inayoishia na Mbps. Hiyo ndiyo kasi ya kuandika video, na ndiyo inayojaza kadi. Zidisha namba hiyo kwa 0.45 upate GB zinazoandikwa kwa saa moja. Kamera ya mbele ya 1080p inayoandika kwa 16 Mbps inakula GB 7.2 kwa saa. Ukiongeza ya nyuma yenye 10 Mbps, jumla ni 26 Mbps, yaani GB 11.7 kwa saa. Kamera ya duka ya 1080p mara nyingi iko karibu na 2 Mbps, kwa sababu ukutani hakuna barabara inayokimbia mbele yake: GB 0.9 kwa saa, au GB 21.6 kwa siku nzima.

Kwenye gari usihesabu kadi yote. Sehemu yake huliwa na faili zilizofungwa, tutakazozieleza baadaye. Katika jedwali hili tumetoa moja ya tano kwa upande wa gari.

| Kadi | Gari, kamera mbili (26 Mbps) | Duka, kamera moja (2 Mbps) |
|---|---|---|
| GB 32 | saa 2 na dakika 10 | siku 1 na nusu |
| GB 64 | saa 4 na dakika 20 | karibu siku 3 |
| GB 128 | saa 8 na dakika 45 | karibu siku 6 |
| GB 256 | saa 17 na nusu | karibu siku 12 |

Tumweke dereva wetu hapo. Akiwa na GB 64, ajali ya asubuhi kwenye Northern Bypass itakuwa imefutwa kabla ya alasiri iwapo ataendelea kubeba abiria. Akiwa na GB 128, siku yake ya saa 10 haiingii yote. Ajali yenyewe anaijua mara moja, lakini kwenye kazi yake kuna jambo lisilojulikana mara moja, nalo ni abiria kulalamika kesho yake kwamba alizungushwa au alitukanwa. Ndiyo maana kwake tungechukua GB 256, zinazomfikisha karibu siku mbili za kazi. Anayeendesha saa 2 tu kwa siku anapata siku mbili hizohizo kwa GB 64, na siku nne kwa GB 128. Kwake kubwa zaidi ya hapo ni kupoteza pesa, isipokuwa kama kamera inaendelea kurekodi gari likiwa limeegeshwa.

Mwenye duka anahesabu mali kila Jumapili. Kati ya hesabu moja na nyingine kuna siku 7, na akikuta upungufu anahitaji siku moja au mbili za kutulia na kutazama video. Lengo lake ni siku 9, sawa na GB 194. Kadi ya GB 128 inamwacha na siku 6: video ya Jumatatu, yaani siku ya kwanza tu baada ya hesabu iliyopita, imeshafutika anapoitafuta. Ana njia mbili. Ya kwanza ni kadi ya GB 256. Ya pili ni kubaki na GB 128 na kubadili mfumo wa kubana video kutoka H.264 hadi H.265, kama kamera inao, kisha kushusha kasi hadi 1 Mbps. Siku zinakuwa karibu 12. Kabla ya kuamua njia ya pili, tazama video ya usiku ukiwa umeshusha kasi. Mchana huoni tofauti kubwa, lakini gizani uso wa mtu anayetembea ndio wa kwanza kuharibika.

Wengine huchagua kamera irekodi pale tu kitu kinapotikisika mbele yake. Inaokoa nafasi nyingi, ila kamera nyingi za bei nafuu huchelewa kuamka, na mwizi anayepita pembeni mwa picha haiamshi kabisa. Kwa kaunta ya pesa tungerekodi mfululizo. Kwa ua wa nyuma, kutikisika kunatosha.

Jambo moja kabla ya kulipa: angalia ukubwa wa juu unaokubaliwa na kamera. Kamera kadhaa za zamani zinaishia GB 32 au 128. Ukitia kubwa zaidi, inaweza kuikataa waziwazi, au ikaikubali na kuanza kuruka vipande bila kusema lolote. Hiyo ya pili ndiyo mbaya zaidi.

Kadi ya kawaida au ya kudumu

Wauzaji hupenda kuonyesha alama za kasi: U1, U3, V30. U1 inaahidi angalau megabaiti 10 kwa sekunde, U3 na V30 megabaiti 30. Kamera zetu mbili za 26 Mbps zinaandika megabaiti 3.25 kwa sekunde. Hata U1 inazibeba kwa raha. Chukua U3 kwa kamera ya 4K, lakini usidhani kwamba kasi ndiyo uimara. A1 na A2 zinahusu kuendesha programu kwenye simu, na kwenye video hazikuongezei kitu.

Kinachoiua kadi ya kamera ni kuandikwa upya mara nyingi. Kila chembe ya kumbukumbu ina idadi ya mara inazoweza kufutwa na kuandikwa, kisha inachoka. Kadi ya picha za simu inaweza kukaa miaka bila kujaa mara tatu. Kadi ya GB 64 kwenye gari la dereva wetu inajaa na kuanza upya karibu mara mbili kwa siku.

Kampuni zinazotengeneza kadi za kudumu huandika saa za kurekodi. SanDisk High Endurance ya GB 64 imetajwa kwa saa 5,000 za video ya Full HD yenye kasi ya 26 Mbps, ya GB 128 saa 10,000, na ya GB 256 saa 20,000. Max Endurance ya kampuni hiyohiyo ni saa 30,000 kwa GB 64. Geuza saa hizo kuwa data: saa 5,000 mara GB 11.7 ni GB 58,500, yaani kadi nzima kuandikwa upya zaidi ya mara 900. Kwa Max Endurance ni karibu mara 5,500. Kadi ya kawaida haina namba kama hiyo kwenye kifurushi chake, na mara nyingi masharti ya dhamana yake yanasema wazi kwamba kurekodi mfululizo hakumo. Soma hayo kabla ya kumrudia muuzaji na kadi iliyokufa.

Sasa linganisha mizigo. Dereva anafanya kazi siku 26 kwa mwezi, saa 3,120 kwa mwaka, akiandika karibu GB 36,500. Duka linarekodi saa 8,760 kwa mwaka, lakini linaandika chini ya GB 7,900. Watu wengi hufikiri kamera isiyozimika ndiyo inayochosha kadi. Hapa ni kinyume: gari linaandika zaidi ya mara nne ya duka, na bado linaongeza joto la kioo cha mbele na kuzimwa na kuwashwa kila mara.

Kwa dereva, High Endurance ya GB 64 ingeisha saa zake ndani ya mwaka mmoja na miezi saba. Ya GB 256 ina saa za miaka 6. Kumbe ukubwa unanunua mambo mawili kwa pamoja, kumbukumbu ndefu na maisha marefu, kwa sababu uandishi uleule unasambazwa kwenye chembe nyingi zaidi. Ndiyo maana tungemshauri anunue kubwa ya daraja la kati kuliko ndogo ya daraja la juu. Kwa duka, High Endurance yoyote inatosha kwa miaka mingi kwenye karatasi. Hesabu hiyo ichukulie kama kikomo cha juu, kwa maana kamera ya ukutani huandika vipande vidogovidogo, na vipande vidogo huchosha kadi kuliko faili ndefu. Kadi ya kawaida dukani si kosa kubwa mradi uko tayari kuikagua kila wiki. Kwenye gari la biashara tungeikataa.

Kadi bandia

Kadi bandia ni ndogo ndani, mathalani GB 16, iliyopangwa kujitangaza kuwa 128. Kamera inaipokea, inaandika, majina ya faili yanaonekana na ukubwa wake unaonekana. Baada ya GB 16 za kweli, data inaandikwa juu ya data nyingine au haiandikwi popote. Kwenye kurekodi kwa mzunguko udanganyifu huu unafichika muda mrefu, kwa sababu wewe hutazami video mpaka siku ya shida. Dalili ni folda iliyojaa faili zenye tarehe sahihi, huku za hivi karibuni tu ndizo zinazofunguka, au hata hizo zinagoma.

Usichanganye na jambo hili: kadi halali ya GB 64 huonekana kama 59 hivi kwenye Windows. Ni namna kompyuta inavyohesabu, hujaibiwa.

Kipimo cha kweli ni kuijaza kadi yote na kuisoma tena. Kwenye Windows tumia programu ya `h2testw`. Kwenye Linux ni amri mbili, ukibadili njia kulingana na kadi yako:

```
f3write /media/kadi
f3read /media/kadi
```

Kwa GB 128 tenga saa mbili au tatu. Fanya hivyo siku ya kununua, ukiwa bado na risiti.

Kufomati: gari mara kwa mara, duka kwa nadra

Hapa ndipo ushauri wa jumla unapowaumiza watu. "Fomati kadi kila mwezi" ni neno jema kwa gari, na linaweza kuwa hasara kwa duka.

Kwenye gari, adui ni faili zilizofungwa. Kamera ina kihisi cha mtikisiko, kwenye menyu huandikwa `G-Sensor`. Ikihisi kishindo, inakifunga kipande kinachorekodiwa ili mzunguko usikifute, na kukihamishia kwenye folda ambayo mara nyingi huitwa `EVENT` au `RO`. Kwa barabara zenye matuta na mashimo, kihisi kikiwa juu kinafunga faili safari nzima. Kipande cha dakika 3 cha kamera ya mbele ni megabaiti 360. Matuta kumi kwa siku ni GB 3.6, na kwa wiki mbili za kazi, siku 12, zimefika GB 43. Kamera nyingine huanza kufuta zilizofungwa za zamani zikifika kiwango fulani. Nyingine hazifuti kamwe: mzunguko unabaki kuzungukia kipande kidogo kilichosalia, saa 4 zinakuwa dakika 40, mwisho kioo kinaandika `Memory card full` na kurekodi kunasimama.

Weka `G-Sensor` kwenye `Low`. Kama bado inafunga kwenye kila tuta, izime na utegemee kitufe cha kufunga kwa mkono, ila kitufe hicho ukizoee kabla ya kukihitaji. Urefu wa kipande, `Loop Recording`, uwe dakika 3. Cha dakika 1 kinaikata ajali vipande viwili au vitatu na kukupa faili lukuki. Cha dakika 10 ukikatika umeme ghafla kinaweza kupotea chote, kwa sababu faili ya MP4 isiyofungwa vizuri mwishoni haifunguki.

Dereva wetu afomati kila anapobadilisha oili. Kwa mwendo wake hiyo ni takriban mara moja kwa mwezi, na ni tarehe asiyoisahau. Mwenye gari la kawaida, kila miezi miwili au mitatu inatosha. Utaratibu:

1. Nakili kwanza chochote unachokitaka, hasa folda ya `EVENT`.
2. Washa gari, simamisha kurekodi, ingia kwenye mipangilio ya kamera, chagua `Format`. Fanya ndani ya kamera, usifanye kwenye simu wala kompyuta. Kamera inapanga folda na mpangilio wa faili inaoujua yenyewe. Kadi za zaidi ya GB 32 kompyuta huzipanga kwa `exFAT`, na kamera kadhaa zinataka `FAT32`.
3. Angalia tarehe na saa. Tumia saa za Afrika Mashariki, `GMT+3`. Saa ikirudi nyuma miaka kadhaa baada ya betri ndogo ya ndani kuisha, video mpya zinaonekana za zamani, na kuna kamera zitakazozifuta hizo kwanza.
4. Rekodi dakika tano, kisha fungua faili mbili za mwanzo. Usiridhike na taa nyekundu inayometa.

Dukani hali ni nyingine. Kamera nyingi za ukutani huisimamia kadi zenyewe, na hakuna tuta la kufunga faili. Ukifomati tarehe 1 kila mwezi, umefuta siku 9 ulizolipia, na huenda wizi ulikuwa tarehe 28. Fomati dukani kwa sababu maalumu tu: kadi ni mpya, imetoka kwenye kifaa kingine, programu ya kamera inaonyesha kosa la kadi, au kuna mapengo kwenye mstari wa muda ambayo kukatika kwa umeme hakuyaelezi. Badala ya kufomati, kila baada ya hesabu ya Jumapili fungua video ya siku ya zamani kabisa iliyopo, cheza dakika moja, uone kama kweli inafika siku 9. Hicho kipimo kinakuambia yote: ukubwa, afya ya kadi, na saa.

Ugonjwa wa duka ni umeme. Yaka ikiisha au laini ikikatika, kamera inazimika katikati ya kuandika, na mara moja kati ya nyingi mpangilio wa faili unavurugika. Kibetri kidogo cha kuhifadhi umeme cha volti zilezile za kamera (5, 9 au 12, soma kwenye adapta), kikiunganishwa na kamera pamoja na ruta, kinafanya kazi kubwa kuliko ufomati wowote.

Dalili za kadi inayokufa

Kufomati kunatengeneza mpangilio uliovurugika. Hakurudishi chembe zilizochoka. Kosa likitokea mara moja baada ya umeme kukatika, fomati na uendelee. Likirudi ndani ya wiki, kadi imekwisha hata kama inafunguka kwenye kompyuta.

Kuna dalili moja inayowachanganya mafundi: unafomati, kamera inasema imekamilika, unazima na kuwasha, na video za zamani zimerudi zote. Huo si uchawi. Kadi nyingi zikifika mwisho wa maisha hujifunga zisiandikwe tena, ili zilizomo ziweze kusomwa. Nakili unachotaka, kisha inunuliwe nyingine. Dalili nyingine ni kamera kuzima na kuwaka yenyewe njiani, au sekunde kadhaa kukosekana kati ya kipande na kipande, pengo linaloongezeka kila wiki. Kabla ya kulaumu kadi, badili waya wa chaji wa gari. Soketi ya sigara iliyolegea huzaa dalili zilezile.

Siku ya tukio, na video ikae muda gani

Baada ya ajali, kitu kinachofuta ushahidi ni dereva kuendelea na safari kamera ikirekodi. Bonyeza kitufe cha kufunga, egesha, zima kamera, subiri taa izime, kisha toa kadi. Ukiitoa ikiwa inaandika, unaweza kuharibu faili unayoitafuta. Itie kwenye adapta yake kubwa na usukume kile kitufe cha pembeni hadi `Lock` kabla ya kuiweka kwenye kompyuta, ili isiandikwe chochote. Nakili kipande chenye tukio pamoja na vitatu vya kabla na vitatu vya baada, vya mbele na vya nyuma. Mwendo wa gari dakika tano kabla ya kugongwa mara nyingi unasema zaidi ya kishindo chenyewe. Kumbuka pia kwamba kamera yenye GPS inaandika mwendo wako juu ya picha, na hiyo inaweza kukutetea au kukushtaki.

Usitegemee video iliyotumwa kwa WhatsApp kama video ya kawaida, kwa sababu inabanwa na kupoteza namba za magari. Itume kama hati, na utunze faili ya asili yenye jina lake la asili. Electronic Transactions Act ya Uganda ya 2011 inakubali rekodi za kielektroniki kama ushahidi, na katika kupima uzito wake huangaliwa jinsi ilivyotunzwa na kama imebaki kamili. Njia rahisi ya kuonyesha kwamba faili haikuguswa ni kuchukua alama yake siku ileile, kwa amri hii ya Windows:

```
certutil -hashfile ajali1.mp4 SHA256
```

Andika mfuatano unaotoka kwenye karatasi pamoja na tarehe. Faili ikibadilishwa hata herufi moja, mfuatano hautafanana. Kama kuna mtu aliyeumia, weka kadi yenyewe kwenye bahasha na ununue nyingine.

Muda wa kutunza unagawanyika pande mbili, na watu huuchanganya. Video za kawaida, zisizo na tukio, ziishi muda wa mzunguko tu: siku mbili kwenye gari, siku 9 hadi 12 dukani. Data Protection and Privacy Act ya 2019 inataka taarifa za watu zisikae kuliko lengo lililozifanya zikusanywe, na sura za wateja wako ni taarifa zao. Mzunguko unakufanyia kazi hiyo bila gharama, kwa hiyo hatuoni sababu ya mwenye duka kunakili mwezi mzima kwenye diski "kwa tahadhari".

Video za tukio ni habari nyingine. Zitoe kwenye kadi siku hiyohiyo, weka nakala mbili mahali tofauti, na uzitunze mpaka bima imelipa na polisi wamefunga jalada. Bima kulipa hakumzuii aliyegongwa kwenda mahakamani. Kwa Limitation Act ya Uganda, dai la madhara ya mwili kutokana na uzembe lina miaka 3, na madai mengine ya kawaida ya madhara miaka 6. Palipoumia mtu, tunza angalau miaka 3; palipoharibika mali tu, miaka 6 kwa usalama. Faili saba za kamera mbili hazifiki GB 5, kwa hiyo nafasi si kisingizio. Usizihifadhi kwenye kadi iliyochoka wala kwenye fleshi iliyotupwa droo moja na funguo. Diski ya kompyuta na nakala ya mtandaoni zinatosha.

Kadi ya zamani usimpe mtu wala kuirudisha sokoni ukidhani kufomati kumeisafisha. Ufomati wa kamera hufuta orodha ya faili, na programu ya bure kama PhotoRec hurudisha sehemu kubwa ya video. Hilo ni jema ukifomati kwa bahati mbaya: toa kadi hapohapo, usirekodi tena hata dakika moja, kisha ujaribu kuzirudisha. Kadi unayoiacha kabisa, ikate kwa mkasi katikati ya sehemu nyeusi iliyo juu ya miguu ya dhahabu.